Maneno ya Mjomba, Fomu ya Daktari

Watu wengi wa umri wangu wanajivunia kwamba walijenga nyumba ya bati wakiwa vijana, au walisoma mpaka ng'ambo. Mimi nilijivunia kupanga maneno ya wengine. Cheka ukitaka. Nilikuwa karani wa ofisi ya afya pale Moshi, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, na hapakuwa na mtu mjini aliyenizidi kwa kazi hiyo. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyoniharibia rafiki yangu wa pekee, na mjomba wangu ndiye aliyeshika mpini wakati mimi nilikuwa makali. Mpaka leo nikilikumbuka jambo lile hasira hunipanda upya, na sioni sababu ya kuificha.

Ofisi yetu ilisimamia zahanati ndogo zilizotapakaa mlimani, kila moja na dresa wake, yaani kijana aliyefundishwa kufunga vidonda, kutoa dawa za malaria na minyoo, na kuandika rejesta ya wagonjwa. Mkaguzi wa madresa wote alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, mtu aliyeheshimika kanisani na sokoni. Kila mwaka alizunguka kituo hadi kituo, akakaa na kila dresa nusu siku, kisha akaniletea maoni yake yameandikwa kwa mkono kwenye daftari, kurasa mbili mbili, akichanganya sifa, lawama, habari za mvua na hali ya barabara.

Zamani maoni hayo yaliingia kwenye faili jinsi yalivyo, na hakuna aliyeyasoma. Halafu akaja daktari mpya, Mwingereza mrefu aliyependa utaratibu kuliko chakula. Alisoma Kiswahili polepole, tena cha taipu tu, maana mwandiko wa mjomba ulimshinda. Akatengeneza fomu yenye sehemu tatu: malengo yaliyotimizwa, mapungufu, na hatua zilizokubaliwa. Akaniita na kunieleza. Nichukue maoni ya mkaguzi, nikate sentensi moja moja, kila moja niipeleke mahali pake, kisha nipige taipu. Mkaguzi ataweka sahihi, dresa atasomewa na kuweka sahihi, na yeye mwenyewe atamalizia.

Kazi yenyewe ina siri zake, na nilizijua haraka. Sifa tupu haina mahali. Mjomba akiandika kwamba fulani ni mcheshi na wagonjwa wanampenda, maneno hayo hayaingii popote, kwa sababu mwaka uliotangulia hakuna aliyepewa lengo la kuwa mcheshi. Linaloingia sehemu ya kwanza ni lile lililoagizwa mwaka jana na mwaka huu limeonekana. Pungufu nalo sharti liwe na mfano wake: ukisema mzembe, sema alizembea nini, lini. Sehemu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Pale huandiki alichotaka mkaguzi. Unaandika walichokubaliana wawili, nani atafanya nini na mpaka lini. Mjomba akiandika "nilimwambia", hiyo haitoshi, mpaka uone mbele yake "akakubali". Usipoona, unaandika swali kwenye karatasi ya pembeni na kulirudisha kwa mwenye maneno. Kwa mfano, aliwahi kuandika juu ya dresa mmoja kwamba choo kimekwisha ila mlango, akamwambia atafute fundi, yule akasema mwezi wa sita baada ya mavuno. Mimi nikakata: choo kimechimbwa na kuezekwa, sehemu ya kwanza, hakina mlango, ya pili, dresa ataweka mlango kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, ya tatu. Daktari alisoma, akagonga meza kwa kidole na kusema vizuri sana. Nilitembea kutoka ofisini mpaka chumba changu cha Pasua kichwa kikiwa kimevimba.

Sasa nimtaje rafiki yangu. Yeye alikuwa dresa juu kule Kilema, kwenye kituo kilichozungukwa na migomba na kahawa. Tulibatizwa siku moja, tukapita jandoni msimu mmoja, tukagawana sleti moja shuleni hadi ikavunjika. Mwaka ule palikuwa na nafasi moja tu ya dresa kupelekwa mafunzoni akawe mganga msaidizi. Miaka mitatu ya kusoma, mshahara wa maana, na heshima. Daktari alisema wazi kwamba atachagua kwa kutazama fomu, si kwa kutazama sura. Kila mtu alijua kituo cha rafiki yangu kilikuwa cha kwanza. Alikuwa amewashawishi wazee wakachanjwa ndui, na hao wazee wetu walikuwa hawashawishiki hata kuvaa viatu.

Lakini alikuwa na jambo lake. Wakati wa masika baba yake alifariki ghafla. Kuomba ruhusa kulitaka barua mpaka Moshi na jibu kurudi, na njia ilikuwa matope matupu. Akaondoka kwenda kuzika na kukaa msibani siku tatu. Mke wake, ambaye alikuwa amemtazama akifunga vidonda miaka minne, akabaki kituoni akawafunga waliokuja, akawaambia wengine warudi baadaye. Hakuna aliyeumia. Aliporudi, rafiki yangu akamuuliza mke wake nani na nani walikuja, kisha akajaza rejesta kwa mkono wake mwenyewe, siku zote tatu, kana kwamba hakutoka. Akanieleza mimi peke yangu, na moyo ulikuwa unamsuta.

Mimi ndiye niliyemshauri. Nikamwambia ampelekee mjomba sale. Kwa asiyejua desturi zetu, sale ni jani la ule mmea tunaopanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Ukiwa umekosea, unalichukua jani hilo na kulipeleka kwa uliyemkosea, na yeye hana ruhusa ya kulikataa. Akilipokea, amesamehe. Na lililosamehewa kwa sale halitajwi tena, hata mkigombana kesho kwa jambo jingine. Mtu anayelitaja baada ya hapo amejitia doa mwenyewe.

Tulikwenda wote wawili, Jumapili baada ya misa. Mjomba alilipokea lile jani kwa mikono miwili. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa akimsikitikia kwa msiba, akaagiza mbege, pombe yetu ya ndizi, tukanywa kwa zamu kutoka kata moja. Wakati wa kuagana alimshika rafiki yangu begani na kumwambia, "Limekwisha, mwanangu. Nenda ukafanye kazi." Njiani kurudi rafiki yangu aliimba. Nami nilijiona nimefanya jambo la utu uzima.

Miezi michache baadaye mjomba alifanya ziara zake, na daftari likaja mezani kwangu. Nilianza na dresa wa Machame, ambaye alikuwa amemwoa binti wa mjomba. Maoni juu yake yalikuwa mafupi na safi ajabu: aliagizwa hivi, amefanya hivi, limebaki hili, tumekubaliana atafanya hivi mpaka mwezi fulani. Sikuhitaji kukata chochote. Nilipiga taipu kwa dakika kumi, nikasema moyoni kwamba hatimaye mzee amejifunza fomu. Sikuwaza zaidi ya hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hujikagua nguo kila asubuhi?

Kisha nikafika kwa rafiki yangu. Kurasa mbili na nusu, zimesongamana, mtindo ule ule wa zamani. Chanjo, usafi, mvua, kahawa, ubora wa asali aliyokaribishwa. Na katikati ya yote hayo nikasoma maneno haya, ambayo ninayajua kwa kichwa kama ninavyojua Baba Yetu: "Huyu ni mwaminifu kuliko madresa wote. Hata alipoondoka siku tatu kwa msiba wa baba yake, mke wake akabaki anafunga vidonda, naye akajaza rejesta baadaye kama aliyekuwepo, hakunificha. Alikuja kwangu na sale akasema yote, nami nikamsamehe. Watu wa namna hii ni wachache."

Niliyasoma mara tatu. Alikuwa amelitaja. Lile lisilotajwa alikuwa amelitaja, tena kwa maandishi, tena serikalini.

Jioni ile nilipanda kwa mjomba. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti yake ya upole, akanipa kigoda. Nikamwomba aifute sentensi ile. Nilimwambia kwamba madaftari yanahifadhiwa pamoja na fomu, na yeye atasoma fomu kabla ya sahihi, hivyo siwezi kuiruka bila yeye kukubali. Lakini akiifuta mwenyewe, hakuna atakayeuliza. Alinisikiliza huku akimenya ndizi. Akasema hawezi kufuta sifa alizompa kijana wa watu kwa moyo mweupe. Nikasema, mjomba, hili lilikwisha kwa sale. Akasema ndiyo, limekwisha, na ndiyo maana ameliandika kama jambo jema. Kwani mimi sijui kusoma? Niliweke panapostahili. Kupanga ni kazi yangu, yeye si karani.

Nilishuka nikijaribu kumwamini. Kweli nilijaribu. Alikuwa mjomba wangu, ndiye aliyenilipia ada, na kwetu mjomba ni mtu wa kuogopwa kuliko baba. Nikajiambia labda yeye anaona mbali, labda kweli hii ni sifa.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu, kosa la mtu wa mlimani anayefanya kazi ya mzungu. Ningeweza kuirudisha ile sentensi kwenye karatasi ya maswali. Ningeweza kumwambia daktari kwamba hiyo ni sifa tupu, haina mahali. Lakini kwa akili yetu, mtu aliyekosa, akapeleka sale na kupokelewa, amekamilisha jambo kubwa. Amelimaliza. Basi nikaliweka sehemu ya kwanza, chini ya chanjo na usafi. Nikapiga taipu: "Alikiri kosa lake kwa hiari na kusamehewa na mkaguzi." Nilidhani nimeliziba kosa kwa kulivika nguo ya sikukuu.

Daktari aliisoma ile fomu mbele yangu kabla haijawekwa sahihi, kidole kikipita chini ya kila neno. Alipofika pale akasimama. Akachukua penseli nyekundu na kuweka duara. Akaniuliza lengo hilo lilikuwa limewekwa lini. Nikasema halikuwekwa. Akauliza, basi lilitimizwaje? Kisha akaniuliza lile nililopaswa kulijua tangu mwanzo, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno: "Kosa gani?"

Ningeweza kudanganya. Nimelifikiria swali lile miaka mingi, nikiwa shambani, nikiwa kitandani na homa, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri marefu. Lakini daftari la mjomba lilikuwa pale mezani, na daktari alikuwa ameshaanza kulisogeza kwake, akikunja uso juu ya mwandiko, tayari kumwita mtu mwingine amsomee. Nikamsomea mwenyewe. Nilisoma yote, hata lile la sale, na nikajaribu kumweleza sale ni nini. Alisikiliza kwa adabu. Akasema ni desturi nzuri sana. Halafu akafungua faili la mwaka uliopita na kunionyesha lengo la kwanza la kila dresa: rejesta itaandikwa kila siku na dresa mwenyewe. Pungufu lenye mfano wake, siku zake na shahidi wake. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba pungufu la namna hiyo ndilo lililo bora.

Nikarudi mezani kupiga fomu upya. Na nisiseme uongo hapa: niliandika vizuri. Vidole vyangu havikujua kuandika vibaya. Kurasa zile mbili na nusu za mjomba, ambazo daktari asingezimaliza hata kwa wiki nzima, nilizifanya mistari ambayo hata mtoto angeielewa. Sehemu ya pili nikaandika: "Alitoka kituoni siku tatu bila ruhusa, akamwachia kazi mtu asiyeruhusiwa, na kuandika rejesta isiyo ya kweli." Msiba haukuingia, kwa kuwa sababu hazina sehemu yake kwenye fomu. Msamaha nao haukuingia. Daktari alisoma akasema sasa imeeleweka.

Nafasi ya mafunzo akapewa dresa wa Machame. Fomu yake haikuwa na duara hata moja jekundu. Siku niliyopiga barua yake ya uteuzi ndipo akili yangu ilipofunguka, nikalifungua tena daftari, nikalinganisha kurasa za mkwe na za rafiki. Mzee aliyeandika mistari ile mifupi na safi alijua fomu inakula nini na inatema nini. Alijua sifa zitaanguka chini na kosa litabaki juu. Alikuwa amelitaja kwa njia ambayo hakuna mzee wa mlimani angeweza kumlaumu, maana alikuwa amesifu tu.

Alipokuja kuweka sahihi nilimwambia hivyo. Sikupandisha sauti, maana chumba cha pili kilikuwa na watu, lakini nilimwambia ametuuza, mimi na rafiki yangu, na amelivunja sale. Alimaliza kuandika jina lake taratibu, akakausha wino, ndipo akanitazama.

"Soma daftari langu, mwanangu," akasema. "Mimi nimemsifu. Neno mapungufu nimeliandika wapi?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Sikuwahi tena kula nyumbani kwake, na alipokufa nilikwenda kuzika kwa ajili ya mama tu. Sikulia. Walioniona wakasema nina moyo mgumu, nikawaacha waseme.

Wiki moja baada ya sahihi ile ya mjomba, rafiki yangu aliitwa Moshi kusomewa fomu. Hakuwa amesikia lolote. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kwa sababu alidhani ameitiwa habari za mafunzo. Aliniona pale mezani kwa daktari akanikonyeza. Nilipaswa kumtangulia njiani nikamweleze, na sikufanya hivyo. Kila asubuhi ya wiki ile nilikuwa na sababu.

Daktari akaniagiza nisome. Nikasoma sehemu ya kwanza, rafiki yangu akatabasamu, akainamisha kichwa kwa haya aliposikia habari za chanjo. Nikasoma sehemu ya pili. Nilisoma nikitazama karatasi. Nilipomaliza mstari ule nikasikia mashine ya taipu ya chumba cha pili ikigonga. Nikaendelea na sehemu ya tatu, ambayo daktari alikuwa ameniagiza niiandike kwanza kama pendekezo, akikubali ndipo iwe imekubaliwa: dresa atabaki kituoni, ataandika rejesta mwenyewe kila siku, ombi lake la mafunzo litatazamwa tena baada ya miaka miwili.

Daktari akamuuliza kama anakubali.

Rafiki yangu hakumtazama. Alinitazama mimi, na akasema nami kwa Kichagga, pole pole, kama mtu anayeuliza njia.

"Huyo mtu asiyeruhusiwa," akasema, "ni mke wangu?"

Niligeuza macho kwenye fomu.

"Yeye ndiye aliyekukanda miguu ulipolala kwetu na homa. Mjomba wako nilimwambia jina lake. Hata yeye siku ile alimwita mke wangu. Wewe ndiye umeona hafai kuitwa mke."

Nilitaka kumwambia kuhusu daftari, na mkwe, na penseli nyekundu. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga yote vizuri tangu alfajiri. Yeye akanyoosha mkono, akachukua kalamu kutoka mbele yangu, akaweka sahihi chini ya karatasi kwa mwandiko wake mzuri wa shule, akasimama na kutoka bila kuniaga. Hatukuzungumza tena. Tulipokutana sokoni Bomang'ombe miaka ile ya Uhuru, alivuka upande wa pili wa njia.

Daktari alikuwa amekaa anasubiri, kwa kuwa Kichagga hakukijua hata neno moja. Akaniuliza yule bwana amesema nini. Mbele yangu ile sehemu ya tatu ilikuwa bado inangoja neno moja, neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wote kwamba haliandikwi mpaka mtu alitamke.

Nikamjibu kwamba amekubali.